Chanjo za kitoto cha paka: maswali mnayouliza sana hapa Mwanza

Nafanya kazi ya kuchanja mbwa na paka huku Mwanza, na maswali ya paka wadogo yanajirudia kila wiki, kwenye simu, dukani, hata kwenye daladala mtu akijua kazi yangu. Nimeyakusanya hapa. Nimeanza na lile ambalo likieleweka, mengine yote yanakuwa rahisi.

Kitoto changu kilichomwa sindano moja kikiwa na wiki 8, kiko vizuri kinacheza, kwa nini nirudi tena?

Rudi. Rudi kabisa hata kama anaruka ukutani kwa afya.

Sababu ni hii. Kitoto cha paka akizaliwa ananyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo kabisa, na ndani ya hiyo siku yake ya kwanza anapokea kingamwili za mama yake. Hizo kingamwili zinamlinda wiki za mwanzo na ni jambo zuri, ila hizohizo ndo zinaizuia chanjo. Chanjo nyingi za paka zina virusi hai waliopunguzwa makali, kazi yao ni kuingia mwilini ili mwili wa kitoto uwaone, uwajifunze, utengeneze kinga yake wenyewe. Sasa kingamwili za mama zikiwa bado nyingi zinawadaka hao virusi wa chanjo kabla mwili haujawaona, ni sawa na mlinzi wa geti anamfukuza mwalimu akidhani ni mwizi. Sindano imechomwa, hela imelipwa, kadi imegongwa muhuri, na mtoto hajajifunza kitu.

Kingamwili za mama zinapungua zenyewe, zile za panlukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua vitoto haraka, zinashuka karibu nusu kila siku 10 hivi. Ila kila kitoto kaanza na kiasi chake. Mama aliyekuwa nazo nyingi anawapa watoto nyingi, na hata ndani ya uzao mmoja kuna aliyenyonya sana na aliyesukumwa pembeni. Kwa hiyo mmoja zinamuisha wiki ya 8, ndugu yake wiki ya 12, mwingine anafika wiki ya 16 bado anazo, na wachache hata zaidi ya hapo. Kwa macho huwezi kujua yupi ni yupi.

Na kuna kipindi kibaya hapo katikati, naomba hiki ukishike. Kuna wakati kingamwili za mama zimeshuka kiasi kwamba haziwezi tena kumkinga na virusi vya mtaani ila bado zinatosha kuizuia chanjo. Kipindi hicho kitoto hana ulinzi wa mama na hana ulinzi wake, na ndo wengi wanapotea hapo, kati ya wiki ya 8 na ya 16. Tunarudia sindano kila wiki 3 au 4 ili kila kitoto akutane na chanjo mapema kadiri inavyowezekana baada ya zile za mama kuisha. Watu wanadhani sindano ya pili inaongezea nguvu ile ya kwanza, lakini kwa vitoto vingi hiyo ya pili au ya tatu ndo ya kwanza iliyofanya kazi.

Basi nipe ratiba kamili, na tarehe.

Ntakupa kwa mfano wa uzao mmoja ambao mimi mwenyewe niliufuatilia, vitoto vitatu vilivyozaliwa nyuma ya banda la dagaa kule Mwaloni, Kirumba, tarehe 3 Februari.

Sindano ya kwanza ya 3 kwa 1, yani chanjo moja inayokinga magonjwa matatu, ilikuwa tarehe 31 Machi, wiki 8 kamili. Unaweza kuanza wiki ya 6 kama mazingira ni ya hatari, yani paka wengi wamejazana sehemu moja au kuna paka wamekufa karibuni, ila chini ya wiki 6 kwa kawaida hatuchomi.

Ya pili ilipangwa tarehe 28 Aprili, wiki 12. Siku hiyo kitoto anaruhusiwa pia kuchomwa ya kichaa cha mbwa, maana hiyo inaanza akiwa na wiki 12.

Ya tatu tarehe 26 Mei, wiki 16. Hii ndo sindano ambayo ningekuwa na uwezo ningekuja kugonga mlango kwako kukukumbusha. Ukiniuliza kati ya zote ipi usikose kabisa, ni hii ya wiki 16 au kuzidi kidogo, kwa sababu kufikia hapo vitoto vingi wameshaishiwa kingamwili za mama. Sindano ya mwisho ikichomwa wiki ya 12 halafu ukaambiwa "tumemaliza", hamjamaliza.

Alafu kuna nyingine akifika miezi 6, kwa hawa ilikuwa tarehe 4 Agosti, wiki 26. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka mwaka upite. Sasa hivi mwongozo wa madaktari wa wanyama wadogo duniani unashauri hii isogezwe miezi 6, kwa sababu wale wachache ambao hata wiki ya 16 bado walikuwa na kingamwili za mama wangebaki bila kinga karibu mwaka mzima. Baada ya hapo 3 kwa 1 inarudiwa kila miaka 3 kwa paka anayekaa ndani peke yake, na kwa anayezurura au anayekaa na paka wengi daktari anaweza kusema kila mwaka kwa ajili ya mafua. Ya kichaa cha mbwa unairudia baada ya mwaka mmoja, na huku kwetu endelea nayo kila mwaka.

Wale vitoto watatu iliishaje?

Wote watatu walipata sindano ya kwanza siku moja, kutoka boksi moja la chanjo. Wiki mbili baadaye wakagawanywa. Mmoja alibaki Kirumba, mmoja akaenda Nyegezi, wa tatu, wa kike mwenye baka jeupe kifuani, akachukuliwa na familia moja Igoma.

Yule wa Igoma hakuletwa tarehe 28 Aprili. Hawakuwa watu wabaya, mvua zilikuwa kubwa, mtoto wa paka alikuwa anakula dagaa na ugali vizuri, wakaona hamna haraka. Wiki ya kwanza ya Mei nikapigiwa simu, mama wa nyumba ananiambia paka amekaa tu mbele ya bakuli la maji toka asubuhi, kichwa kimeinamia maji ila hanywi. Hiyo hali ukiwahi kuiona huisahau. Panlukopenia inampa kiu na kichefuchefu kwa pamoja, anataka maji na hawezi kuyameza. Alikuwa na homa, ametapika povu la njano mara kadhaa, tumbo ukiligusa anakunja mgongo, kuhara kulikuja baadaye usiku. Alipewa maji ya mishipa na antibayotiki kwenye kliniki, akafa siku ya pili yake. Alikuwa na wiki 13.

Tulipouliza vizuri ikaonekana jirani wa uwanja huohuo alipoteza paka wawili kabla ya Krismasi na kapu alilolalia kitoto lilitoka kwa huyo jirani.

Ndugu zake wawili walirudi tarehe 28 Aprili na 26 Mei na wapo mpaka leo. Sindano ya tarehe 31 Machi ilikuwa ileile kwa wote. Yule wa Igoma inaelekea alikuwa bado na kingamwili za mama siku ile, chanjo ikazimwa, na wiki 5 baadaye za mama zikawa zimeisha.

Hiyo 3 kwa 1 inakinga magonjwa gani hasa?

Matatu. Kwenye stika ya chupa utaona herufi R, C na P, kila moja ni ugonjwa wake.

P ni panlukopenia, wengine wanaiita parvo ya paka, na kweli ni virusi vya ukoo mmoja na parvo ya mbwa. Inashambulia seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo inaenda utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo unachubuka ndani, paka anatapika na kuhara, na wakati huohuo chembe nyeupe za damu zinaporomoka, kwa hiyo bakteria wa tumboni wanapenya kwenye damu na hamna askari wa kuwazuia. Kitoto anaweza kufa ndani ya siku moja mpaka watu wanasema kalishwa sumu. Nimesikia kesi nyingi za "jirani kamtilia sumu paka wangu" ambazo ukisikiliza dalili, na ukiambiwa vitoto vitatu vimekufa ndani ya wiki moja, unaona kabisa panlukopenia ni ya kufikiriwa kwanza kabla ya kugombana na jirani. Chanjo ya huu ugonjwa ndo bora kuliko zote, ikishika imeshika, kinga yake inakaa miaka.

R ni hepisi ya paka. Huyu analeta mafua makali, chafya, macho kuvimba na kutoa uchafu mpaka yanagandana, na anaweza kutoboa vidonda kwenye kioo cha jicho. Vile vitoto vya sokoni unavyoviona jicho moja limekuwa jeupe au limetoka kabisa, mara nyingi hadithi ilianzia hapa.

C ni kalisi. Nayo ni mafua ila alama yake kubwa ni vidonda mdomoni, juu ya ulimi na kwenye ufizi, paka anakwenda kwenye chakula, ananusa, anakirudisha kichwa kwa maumivu. Wengine wanachechemea siku mbili tatu, mguu huu leo kesho mwingine, na mwenye paka anadhani kaanguka.

Mbona wangu amemaliza chanjo zote na bado anapiga chafya?

Kwa sababu chanjo ya R na C haifanyi kazi kama ya P. Haizuii virusi kuingia, inazuia ugonjwa usiwe mkali. Kalisi ina aina nyingi sana na chanjo haigusi zote sawasawa. Na hepisi ikishaingia haitoki, inajificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, siku paka akipata msongo, mmehama nyumba, mmeleta paka mwingine, amezaa, inarudi na chafya na jicho la maji kwa siku kadhaa. Kitoto wa mtaani anaweza kuwa aliipata kwa mama yake kabla hata hujamuokota.

Aliyechanjwa akipiga chafya huku anakula na kucheza, mpe muda, mfute macho na pamba yenye maji ya uvuguvugu. Akiacha kula siku nzima, au jicho limefunga, au limekuwa na ukungu, hapo mpeleke, jicho halisubiri.

Paka wangu wa ndani tu, ya kichaa cha mbwa ya nini?

Hili swali naomba nijibu taratibu. Kichaa cha mbwa kipo Tanzania, hapa kwetu kanda ya ziwa kipo, na dalili zikishaanza, iwe kwa paka iwe kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ndo maana hii chanjo tunaiweka kwenye zile za lazima hata kama ni paka wa chumbani. Mbwa ndo anayeeneza zaidi, ila paka anang'atwa na mbwa wa mtaani, anarudi nyumbani, analala na watoto kitandani. Paka wa ndani naye mlango ukiachwa wazi usiku mmoja anatoka, na kwa nyumba zetu za Mabatini na kule milimani mlango unafungwa saa ngapi?

Sindano hii ni ya virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa ugonjwa. Anachomwa akiwa na wiki 12 au zaidi, na mhesabu kama amekingwa baada ya wiki 4 tangu sindano, sio siku ileile. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa kunafanyika kampeni za kuchanja mbwa na paka, uliza ofisi ya mifugo ya kata yako mapema, na mbebe paka kwenye kapu lenye mfuniko maana huko mbwa ni wengi.

Paka au mbwa usiyemjua akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo yako wewe. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone kama mnyama ataumwa.

Kuna ya lukemia ya paka pia?

Ipo, lukemia ni ugonjwa wa virusi unaoshusha kinga ya paka. Kwa vitoto vya chini ya mwaka mmoja wataalamu wengi wanaihesabu kuwa muhimu, hasa kama atatoka nje au anakaa na paka ambao hawajapimwa, maana virusi hivyo vinapita kwa mate, kulambana na kuchangia bakuli, na vitoto ndo vinashikwa kirahisi zaidi. Ni sindano mbili, kuanzia wiki ya 8, zikipishana wiki 3 au 4, na anapimwa damu kwanza kwa sababu aliyekwishaambukizwa haimsaidii. Muulize daktari wako kama anayo au anaweza kuagiza. Kama hela inatosha kitu kimoja, maliza kwanza 3 kwa 1 na kichaa cha mbwa.

Paka wangu alikufa kwa kutapika na kuhara, nataka kuleta mwingine, nisubiri muda gani?

Virusi vya panlukopenia vinaweza kuishi kwenye mazingira mpaka mwaka, kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu, kwenye kapu kama lile la Igoma. Dettol haiviui vizuri, spiriti haiviui, sabuni peke yake haiviui. Kinachoviua ni jiki. Kwanza osha kwa sabuni uchafu wote utoke, maana jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi, kisha changanya jiki ya kawaida ya dukani kama mililita 50 kwa lita moja ya maji, lowanisha sehemu yote, iache mbichi dakika 10, suuza, fungua madirisha. Kapu, boksi la mchanga, midoli ya kitambaa, choma. Kwenye udongo wa uwanja jiki haisaidii sana.

Kwa hiyo usitegemee usafi peke yake. Unayemleta awe amemaliza sindano ya wiki 16 na zimepita wiki 2. Kitoto wa wiki 8 kwenye nyumba ile, hata umesafisha vipi, usimlete.

Na usiogope kuambukizwa wewe, panlukopenia haipati watu. Ila unaweza kuibeba kwenye viatu na nguo kwenda nyumba yenye vitoto.

Siku ya chanjo nijiandae vipi, na baadaye nitegemee nini?

Awe anakula, hana homa, haharishi. Akiwa anaumwa kweli tunaahirisha. Kamasi kidogo bila homa daktari ataamua, na mara nyingi tunachoma, hasa kama unatoka mbali na kurudi ni shida. Minyoo tunampa dawa mapema, kabla hata ya chanjo ya kwanza, maana kitoto aliyejaa minyoo tumbo kama puto mwili wake hauna nguvu ya kujenga chochote.

Baada ya sindano atalala sana, anaweza kukataa chakula cha jioni na kuwa na joto kidogo, siku moja au mbili. Hilo ni la kawaida. Ila akivimba uso, akitapika mfululizo, akihema kwa shida ndani ya dakika au saa chache za mwanzo, rudi mbio, hiyo ni aleji na ina dawa. Kwa hiyo kaa pale kliniki kama nusu saa kabla ya kupanda daladala.

Na tafadhali sana, USIMPE PANADOL. Paracetamol inaua paka, nusu ya kidonge inatosha kumuua kitoto, ini la paka halina uwezo wa kuivunja. Watu wanampa kwa huruma kwa sababu kaona "kana homa ya chanjo", na asubuhi ufizi umekuwa wa kahawia, uso umevimba, anahema juujuu.

Kinundu kidogo pale alipochomwa kinaweza kutokea na kwa kawaida kinaisha. Kikikaa zaidi ya miezi 3, au kimezidi sentimita 2, au mwezi umepita tangu sindano na bado kinakua, hapo kipimwe, usikae nacho.

Naweza kununua chanjo nikachoma mwenyewe nyumbani? Na kitoto si mdogo, nusu dozi si inatosha?

Nusu haitoshi. Dozi haipimwi kwa kilo, kitoto wa gramu 800 na dume la kilo 5 wanachomwa kiasi kilekile, kawaida mililita 1 kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ukigawa chupa moja kwa vitoto viwili umewanyima wote wawili.

Kuhusu kuchoma mwenyewe, sindano yenyewe chini ya ngozi sio kazi ngumu, shida ni ubaridi. Chanjo inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8 muda wote, toka kiwandani mpaka kwenye ngozi ya paka. Ile 3 kwa 1 kwa kawaida ni kachupa kenye kidonge kikavu chini na kachupa kengine ka maji, joto linaua virusi vya chanjo na kwa kuangalia huwezi kujua, kidonge kinabaki na sura ileile. Ya kichaa cha mbwa yenyewe ni maji, ikiganda barafu imeharibika, kwa hiyo usiitupe kwenye friza ukidhani ndo unaitunza. Na 3 kwa 1 ikishachanganywa haikai, ichomwe ndani ya nusu saa mpaka saa moja.

Sasa fikiria umeme wetu unavyokatika. Kabla ya kuchanja uliza dukani au kliniki, tena kwa adabu tu: friji lina kipima joto? umeme ukikatika mnafanyaje? Mtu anayeitunza vizuri anafurahi kuulizwa, atakufungulia friji uone. Akikutolea chupa kwenye droo ya meza, ondoka.

Niko Ukerewe, chanjo naipataje ikiwa salama?

Njia nzuri ni wenye paka mkusanyike, mkampigia mtaalamu wa mifugo aje na chanjo za wote siku moja. Inabebwa kwenye kikasha cha barafu, barafu zilizoganda zifungwe kwa kitambaa au gazeti ili chupa zisigusane nazo moja kwa moja, kipima joto kiwe ndani, na kikasha kikae kivulini kwenye kivuko, sio juu ya sitaha kwenye jua la saa saba. Hakikisha maji ya kuchanganyia yapo kwenye kikasha hichohicho. Mkianza kuchanja, chupa inachanganywa moja moja kila paka anaposhikwa, sio zote kwa pamoja halafu mkaanza kukimbizana na paka uwanjani.

Mpange mapema na tarehe za kurudia, kwa sababu safari moja haimalizi. Kama mnaweza kupata safari mbili tu, kwa vitoto vilivyo salama ndani ya nyumba ningechagua wiki ya 12 na ya 16, na wakati huo wote wasichanganyike na paka wa nje.

Nimechelewa, wangu ana miezi 5 hajawahi kuchanjwa. Nianze upya zote tatu?

Hapana, hapo umepita lile tatizo la kingamwili za mama. Aliyezidi wiki 16 anachomwa 3 kwa 1 mara mbili, zikipishana wiki 2 mpaka 4. Kwa panlukopenia hata ile moja kwa kawaida inashika, ya pili ni kwa ajili ya mafua. Kichaa cha mbwa moja, na marudio baada ya mwaka.

Kama alianza akiwa mdogo na umeruka tarehe, usianze kulia, nenda sasa hivi, achomwe, na hesabu iendelee kutoka hapo mpaka avuke wiki 16. Wengine wanataka kufidia kwa kuzichoma karibukaribu, wiki hii na wiki ijayo. Chini ya wiki 2 sindano ya kwanza inaharibu kazi ya inayofuata, kwa hiyo subiri.

Mama yao je, ana mimba, nimchanje ili watoto wapate kinga?

Mchanje kabla hajabeba mimba. Ile 3 kwa 1 yenye virusi hai hachomwi mwenye mimba, maana virusi vya panlukopenia, hata vya chanjo, vinaweza kufika kwenye ubongo wa watoto tumboni na kuharibu ile sehemu ya nyuma inayosimamia mwendo. Wanazaliwa wanayumba, kichwa kinatikisika wakilenga chakula, na hawaponi ingawa wengine wanaishi miaka mingi vizuri tu wakisaidiwa. Kwa sababu hiyohiyo kitoto wa chini ya wiki 4 hachomwi hiyo.

Huyo wako mwenye mimba mwache azae, anyonyeshe, wakifika wiki 8 uwalete wote pamoja na yeye. Na siku hiyo omba kila mmoja awe na kadi yake, stika ya chupa ibandikwe humo ikiwa na namba ya toleo na tarehe, sio kuandikwa tu "kachanjwa", kwa sababu ukija kuwagawa, mmoja Buhongwa mwingine Sengerema, anayempokea atahitaji kujua sindano inayofuata ni tarehe ngapi.